Sufuria lilipolala: mayai 180 ya harusi na figa moja la matumbawe

Ndugu wawili wa kike, mkubwa na mdogo, walikabidhiwa mayai siku ya harusi ya binti wa kaka yao, katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga. Pilau lilikuwa mikononi mwa mpishi aliyekodiwa pamoja na vijana wake. Wao walitakiwa kuchemsha mayai, kuyamenya, kuyapitisha kwenye mafuta yenye manjano mpaka yapate rangi, kisha kuyapanga juu ya masinia. Hesabu alikuwa ameshaipiga shangazi mkubwa aliyesimamia jiko: masinia 40, kila sinia mayai manne, jumla 160. Zilinunuliwa trei sita, yaani mayai 180, ili 20 yawe ya akiba. Nikah ilikuwa baada ya Adhuhuri, na chakula kingetoka mara tu baada ya dua.

Kwa waliokuwapo, kisa chenyewe ni kifupi: figa lilipasuka, sufuria likalala, maji ya moto na mayai vikamwagika jivuni. Mimi hupika kwenye shughuli kama hizi, na nimekisikiliza kisa hiki kutoka kwa dada wote wawili. Nimeona kuwa figa ni sehemu ndogo tu ya habari. Palikuwa na kosa lililotangulia, ambalo hakuna aliyeliona mpaka sufuria lilipoanguka, na baada ya hapo palikuwa na robo saa ya maamuzi ambayo ndiyo iliyowalinda wageni.

Jinsi jiko lilivyopangwa

Mpango wa mwanzo ulikuwa masufuria mawili, kila moja trei tatu. Asubuhi mpishi wa pilau akaomba sufuria moja, kwa sababu mchele ulikuwa umeongezwa. Akachukua na figa moja. Mafiga ya nyumba ile yalikuwa mawe magumu yaliyoletwa kutoka bara, yaliyoona moto miaka mingi. Mdogo akatafuta jiwe la kuziba pengo, akaliona moja kubwa, bapa, la kimo kilekile, lililokuwa limeegemezwa kwenye kamba za turubai la wageni. Lilikuwa jiwe la matumbawe kutoka ufukweni, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha.

Sufuria likatekwa maji kiasi cha lita 15, likafunikwa, kuni za mkorosho zikashika. Maji yalipochemka kwa nguvu, mdogo akaanza kuingiza mayai kwa kata, machache machache, mpaka trei zote sita zikaisha. Akaangalia saa kwenye simu: dakika 12, kama anavyofanya nyumbani. Dada mkubwa wakati huo alikuwa upande wa pili akikatakata vitunguu vya kachumbari.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza. Yai la dukani lina uzito wa gramu 55 hivi, kwa hiyo mayai 180 ni karibu kilo kumi za kitu cha baridi. Ukiziingiza katika lita 15 za maji yanayochemka, maji hayabaki yakichemka. Nimeipiga hesabu kwa mayai yenye joto la hewa ya asubuhi ya pwani, nyuzi 27: joto la maji na mayai likishasawazika huangukia karibu nyuzi 75. Nyumbani ukitia mayai manne kwenye sufuria dogo maji hutulia kidogo tu, halafu huchemka tena kabla hujageuka. Kwenye sufuria la shughuli maji hunyamaza kabisa, na moto huchukua dakika nyingi kuyarudisha. Dakika 12 za mdogo zilikuwa zinahesabiwa juu ya maji ambayo hayachemki.

Mwenyewe aliona kuwa maji yamenyamaza, akadhani moto umepungua. Akachukua karai la vifuu, akavitia vyote upande mmoja, ule uliokuwa na nafasi kati ya kuni. Kifuu kikishika huwaka kwa ukali, kwa sababu ni kikavu. Upande huo ndio uliokuwa na figa la matumbawe.

Kwa nini figa lilipasuka

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Likilowa, maji huingia ndani na hukaa humo siku kadhaa hata kama uso wake umekauka. Likipigwa na moto mkali upande mmoja, maji yale hugeuka mvuke na hutafuta pa kutokea, huku uso wa moto ukitanuka na mgongo wa jiwe ukiwa bado baridi. Jiwe hubanduka, au hupasuka vipande viwili. Watu wa pwani tunachoma matumbawe kwenye tanuu kupata chokaa, kwa hiyo tunajua kwamba si jiwe la kuvumilia moto. Mambo ya tanuu yanahitaji joto kubwa sana na muda mrefu, na figa lile halikufika huko. Kilicholivunja ni maji yaliyokuwa ndani yake.

Jiwe la namna hii halivunjiki kimya. Mdogo anakumbuka alisikia mlio mdogo wa kukatika, mara mbili tatu, akadhani ni kuni. Anakumbuka pia aliona magamba meupe yakidondoka motoni, na povu jembamba la maji likitoka ubavuni mwa jiwe. Mojawapo ya dalili hizo ingetosha kulitoa sufuria jikoni. Kama umelazimika kutumia jiwe usilolijua, washa moto kulizunguka kabla ya kuweka chombo chochote juu yake, usimame mbali, uliache lipate moto nusu saa. Likiwa la kupasuka litapasuka likiwa tupu. Bora zaidi ni tofali la kuchoma, ambalo halikosekani kijijini.

Dakika ya tisa kwa hesabu ya mdogo, figa likafunguka. Maji na mayai pamoja vilikuwa kilo 25, na maji yakianza kuelekea upande mmoja hayarudi. Yalikimbilia upande ulioshuka, mayai yakaviringika nyuma yake, uzito wote ukahamia kwenye figa lililovunjika, sufuria likalala kwa ubavu. Robo tatu ya maji ikamwagika juu ya moto. Mvuke na jivu vikapanda, watoto wakakimbia.

Mdogo alirushiwa maji ya moto kwenye unyayo. Shangazi akamwita mtu alete ute wa yai wa kumpaka, mwingine akataja dawa ya meno. Dada mkubwa akakataa yote mawili. Akamkalisha kando ya pipa, akamkabidhi binti mmoja kata: "Mmwagie maji hapo hapo, taratibu, usiache mpaka nikwambie." Wakamwagia dakika 20. Ndivyo inavyotakiwa: maji ya kawaida yanayotiririka, kwa muda huo wote. Ute wa yai bichi juu ya ngozi iliyoungua unaweza kuleta vijidudu mahali ambapo kinga imeondoka, na dawa ya meno hufunika joto lisitoke. Malengelenge yalitoka mawili madogo, wala hayakupasuliwa.

Robo saa ya maamuzi

Mdogo, akiwa amekaa palepale anamwagiwa maji, alikuwa na haraka ya kuokoa kazi. "Dada, yaokotwe yaoshwe, yarudi kwenye sufuria. Zilibaki dakika tatu tu."

"Tatu za nini, mdogo wangu? Ngoja kwanza tuone yamefika wapi."

Dada mkubwa hakujua bado kama hesabu ilikuwa na kosa. Alichojua ni kwamba hapo mbele yake pana mayai ya aina nyingi yanayofanana kwa nje: yaliyokuwa chini karibu na moto, yaliyokuwa juu, yaliyotiwa kwanza na yaliyotiwa mwisho, yaliyobaki sufuriani na yaliyopoa jivuni. Akayatenga kabla ya kuyagusa kwa jambo jingine lolote. Yaliyomwagika yalikuwa 70. Kati yake 26 yamepasuka. Yaliyobaki ndani yalikuwa 110; sita yamepondwa na wenzake walipoviringika.

Akayazungusha machache juu ya sinia. Hiki ni kipimo ambacho karibu kila mpishi anakijua: yai bichi huyumba na kuzunguka kwa uvivu kwa sababu ya majimaji ndani, na lililoiva huzunguka kwa kasi likiwa limetulia. Karibu yote yalizunguka vizuri. Shangazi akaona mambo yamekwisha, akasema yamenywe.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na ni vyema kila anayekitumia aujue. Kinakuambia kama ndani ya yai kumeshikana kiasi cha kuzunguka pamoja na ganda. Hakikuambii kama kiini kimeiva. Ute huanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi, na kiini kinahitaji kufika karibu na 70 ndipo kigande. Yai lililokaa kwenye maji ya nyuzi 75 kwa dakika tisa litakuwa na ute ulioshika nje na kiini kinachotiririka, na bado linaweza kuzunguka kama lililoiva. Kwa kutenganisha bichi kabisa na lililochemshwa, kuzungusha kunatosha. Kwa kujua kama yai la kulisha watu limeiva, hakutoshi.

Dada mkubwa akatafuta ushahidi bila kupoteza yai zima hata moja. Akachukua yale yaliyokwisha pasuka, moja lililokuwa chini kabisa ya sufuria, moja la juu, na moja kutoka jivuni, akayakata kwa kisu. La chini lilikuwa na ute mgumu na kiini cha uji. La juu, ute wenyewe ulikuwa unatetemeka, na karibu na kiini ulikuwa bado majimaji yenye weupe hafifu. La jivuni lilikuwa kama la juu.

Hapo ndipo lile kosa la kwanza lilipojitokeza. Dakika tisa zilipaswa kuwa zimelifikisha yai kwenye kiini kigumu pembeni na chenye unyevu kidogo katikati. Haya yalikuwa nyuma mno. Dada akamwuliza mdogo alianza kuhesabu lini, akajibiwa: "Nilipotia la mwisho." Kwa maana hiyo, hata kama figa lingesimama imara, mayai yale yangetolewa baada ya dakika tatu nyingine, yakiwa na viini vibichi, yakamenywa na kupitishwa kwenye mafuta. Mafuta yenye manjano hupaka rangi ya nje tu na kukausha ngozi ya ute. Hayafiki kwenye kiini. Watu wapatao mia na sitini, wakiwamo wazee na wajawazito, wangeletewa yai la dhahabu nje na bichi ndani, likakaa juu ya pilau kwenye joto la mchana. Vijidudu vya yai, hasa salmonela, hufa yai likiiva mpaka kiini kishike. Katika yai la uvuguvugu vinaweza kubaki na kuongezeka.

Kuosha, kutupa na kuanza upya

Yale 32 yaliyopasuka yalitupwa yote, pamoja na matatu yaliyokatwa, ambayo yalikuwa miongoni mwake. Shangazi aliumia. Alitaka yaliyopasuka kidogo yaoshwe yachemshwe tena, kwani moto unaua kila kitu. Hoja yake ina nusu ya ukweli, maana moto ungeua vijidudu. Lakini tope la jivu, mchanga na uchafu wa uwanjani likishaingia ndani ya yai kwenye ufa halitoki, na jivu lenyewe ni kali ulimini. Nakubaliana na dada mkubwa: yai lililopasukia ndani ya maji yanayochemka, likabaki humo, lina hali yake, na lililopasukia uwanjani lina hali nyingine. Yale sita ya ndani ya sufuria yalitupwa kwa kuwa yalikuwa yamepondeka. Ya humo sufuriani yenye nyufa nyembamba ambayo hayakuvuja aliyaacha pamoja na mazima.

Yaliyobaki mazima jivuni, 44, yalioshwa kwa uangalifu. Binti mmoja alikuwa tayari na ndoo ya maji ya kisima. Dada akamzuia, akaomba maji ya moto kwa mpishi wa pilau. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana. Yai la moto likitiwa kwenye maji ya baridi, kilichomo ndani hunywea na kuvuta maji ya nje kuingia, na kama maji yale yana tope, tope nalo huvutwa. Ukiosha kwa maji yaliyo moto zaidi ya yai, mvuto huo haupo. Wakayasugua kwa vidole katika maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, maji yakabadilishwa mara mbili, ndipo yakaunganishwa na mengine 104. Jumla 148.

Wakati huo kijana wa mpishi alikuwa amerudisha sufuria la pili na figa lake. Mara hii wakatumia masufuria yote mawili, kila moja mayai 74, na chini ya lile pacha wakaweka matofali. Maji hayakutangulia kuchemka. Mayai yalipangwa kwanza, yakamwagiwa maji mpaka yakafunikwa vidole viwili juu, ikatiwa chumvi konzi moja kila sufuria, ndipo moto ukachochewa pande zote sawasawa. Chumvi haizuii yai kupasuka. Kazi yake ni kuufanya ute unaochungulia kwenye ufa ushikane haraka na kuziba pale pale, badala ya kutapakaa kama utando mweupe.

Swali lilikuwa dakika ngapi, kwa mayai ambayo tayari yameiva nusu, mengine robo. Mdogo alipendekeza sita. Dada akasema zote 12, zihesabiwe tangu maji yanapochemka katikati ya sufuria, si pembeni. Sababu yake ni nzuri. Hakuna tena njia ya kujua lipi limeiva kiasi gani, kwa hiyo muda unapangwa kwa kulifuata lililo nyuma kuliko yote. Yai lililopitiliza linapoteza uzuri: ute unakuwa mgumu kama mpira kidogo, na kiini kinazungukwa na pete ya kijani kibichi, inayotokana na salfa ya ute kukutana na chuma cha kiini katika joto la muda mrefu. Pete hiyo haina madhara. Yai lililobaki nyuma linaweza kumlaza mtu. Kati ya hasara hizo mbili hakuna cha kupima.

Dakika zilipotimia, moja lilitolewa juu na moja chini katika kila sufuria, manne kwa jumla, yakakatwa. Yote yalikuwa yameshika mpaka katikati. Mawili yalikuwa na pete ya kijani, nyembamba. Sasa ndiyo maji ya kisima yakaja, mengi, yakabadilishwa yalipopata uvuguvugu, kwa sababu kupoza haraka huzuia pete isikue na hufanya ngozi ya ndani iachane na ute. Mayai yakaachwa na maganda yao mpaka wageni walipokuwa msikitini. Yai lililomenywa, kwenye joto la pwani, lisikae nje zaidi ya saa mbili. Na ganda zima ni kifuniko kizuri kuliko ungo wowote.

Ikabaki hesabu ya masinia. Yalihitajika mayai 160 na yapo 148; yamepungua 12. Shangazi alikuwa ameshamtuma mtu dukani, akarudi mikono mitupu. Mdogo ndiye aliyeipata njia, akiwa bado amekaa na mguu wake kwenye beseni. Kati ya masinia 40, sita yalikuwa ya watoto. Akasema ya watoto yapewe nusu nusu, mayai mawili kila sinia badala ya manne. Masinia 34 ya wakubwa yalichukua 136, sita ya watoto yakachukua 12, ikawa 148 kamili. Yale manne yaliyokatwa kwa kupimwa ndiyo yaliyotangulia kwenye masinia ya watoto, kwa hiyo hata kipimo hakikugharimu kitu.

Mayai yalipokwisha kuiva ndipo ilipoonekana kuwa sufuria lililolala limebonyea upande wa kitako. Dada mkubwa alilitenga lisitumike tena siku ile, hata kwa chai ya jioni. Sufuria la alumini lenye kitako kilichobonyea halikai sawa juu ya mafiga hata yakiwa mazima. Huegemea upande wenye kibonyeo, na maji yakianza kuchemka mtikisiko wake hulisogeza kidogo kidogo. Lilipelekwa kwa fundi wa masufuria likagongwagongwa likanyooka, na kabla ya kurudi jikoni likajazwa maji ya baridi na kuwekwa juu ya mafiga matatu ya zamani, kuangalia kama usawa wa maji unalingana na ukingo pande zote.